Msichana wa Kwenye Simu

"Mwanangu, huyo msichana wako wa kwenye simu hana adabu," Bibi Skolastika alimwambia Asnath, wakiwa wamekaa nje ya hema kambini. "Nikimwitikia, ananyamaza. Nikinyamaza, anadakia."

Msichana mwenyewe hakuwa mtu. Ilikuwa sauti ya kompyuta, aliyoiunda Asnath ofisini Kigoma mjini ili wakimbizi wapige simu bure na kutafuta ndugu waliopotezana nao wakitoka Burundi. Bibi alikuwa akimtafuta mwanawe, na alikubali simu zake za majaribio zisikilizwe. Kila alipoulizwa jina la mwana, alikawia kulitamka. Sekunde moja ikipita, mashine ilisema haijasikia.

"Nitampigia mara moja tena, kwa ajili yako. Akinikatiza, basi. Jina hilo si la kuchezewa."

Asnath alirudi mjini. Mzaliwa wa Ujiji, alijua fika kwamba mtu akizungumza, usipomwitikia "eeh" atadhani umelala, na bado akaunda mashine inayoona kila "eeh" ni kukatizwa. Nyumba gani ingemvumilia mkwe wa namna hiyo?

Akaifunda upya. Mwitikio mfupi usiisimamishe, ila mtu akiendelea kusema, inyamaze. Kwenye swali la jina, isubiri sana. Isipokuwa na hakika na ilichosikia, isijifanye inajua, iulize. Ikiombwa kurudia, irudie hadi mara tatu. Ombi la nne limpeleke mpigaji kwa Asnath mwenyewe, kwenye simu yake ya mezani, maana huenda simu haisikiki.

Bibi alipiga Jumatatu asubuhi. Asnath akavaa visikilizio.

"Nitakuuliza jina la unayemtafuta..."

"Eeh."

"...kisha umri wake. Anaitwa nani?"

Haikusimama. Asnath akatabasamu. Kisha kikaja kimya, jogoo akawika huko kambini, na tabasamu likamtoka.

"Nipo, nasikiliza," mashine ikasema taratibu. "Usiwe na haraka."

"Yona," Bibi akasema hatimaye. "Yona Ntirandekura."

"Nimesikia Yona Ntirampeba. Ni sahihi?"

"Hapana. Ntirandekura."

"Asante kwa kunisahihisha. Yona Ntirandekura. Ni sahihi?"

"Ndiye," Bibi akasema. "Rudia."

"Yona Ntirandekura."

"Rudia."

"Yona Ntirandekura."

Asnath akatazama skrini. Simu ilikuwa safi, haikuwa na mkwaruzo wowote. Bibi alikuwa anasikia vizuri kabisa. Miaka yote tangu apotezane na mwanawe, nani mwingine alikuwa amelitamka jina lile karibu naye? Asnath alimpenda bibi yule ghafla, kama mtu anavyompenda mama yake.

"Rudia," Bibi akasema, na mashine ikarudia bila kuchoka.

"Rudia."

Simu ya mezani ikaita. Asnath akavua visikilizio, akafuta macho, akainua mkono wa simu.

"Yona Ntirandekura," akasema.

"Eeh," Bibi akaitikia.