Simu ya Feni kwa Mchezo wa Shanga

Mjomba alikuwa na amri moja katika duka lake la simu: mteja akitamka neno "gemu", asitoke bila simu ya gemu. Mpwa wake, aliyepewa jina la Risasi kwa wepesi wa vidole vyake kwenye gemu za vita, aliitii amri hiyo miaka miwili kwa shingo upande. Alikuwa anaipenda kazi. Harufu ya simu mpya ikitolewa boksini ilitosha kumwamsha asubuhi bila kengele. Lakini kusema uongo, jamani, kulimchosha roho.

Siku hiyo akaingia mkunga, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya wodini.

"Mwanangu, nataka simu. Ya kuongelea, na ya kucheza gemu kidogo nikipumzika."

Mjomba huyo! Aliruka toka kwenye kiti kama kamwagiwa maji. Akamvuta mkunga mpaka kwenye meza ya majaribio, penye simu mbili: ile ya gemu, ina feni ndani na vitufe viwili mabegani, kwenye ukingo wake wa juu, na ile ya kawaida.

"Gusa zote mbili, mama. Ujionee mwenyewe."

Mkunga akagusa. Ya gemu ikaitika papo hapo. Ya kawaida ikasitasita, na ilikuwa ya moto.

"Kumbe!" akasema mkunga. "Hii nyingine ni mgonjwa kabisa."

Risasi damu ikamchemka. Ile simu haikuwa na ugonjwa wowote. Mjomba huichomeka kwenye chaja asubuhi mpaka jioni, kaivisha kava nene la mpira, halafu kawasha hali ya kubana chaji, inayoipunguzia kasi. Simu gani isingelegea? Na Risasi alijua akifungua mdomo, kazi ndiyo basi tena.

Akafungua.

"Mama, unacheza gemu gani?"

"Ile ya kupanga shanga za rangi moja."

"Muda gani?"

"Mpaka chai iishe."

"Risasi," mjomba akasema taratibu, meno yamebana.

Risasi akachomoa waya, akavua kava, akazima ile hali ya kubana chaji. Akaisogeza simu mbele ya feni ya dukani, ikapoa wakati anaeleza.

"Hivi vitufe vya mabegani unavipangia sehemu za kioo. Vidole vya shahada vinapiga risasi, dole gumba linaendelea kukimbia na kulenga. Shanga utazipiga risasi? Wepesi wa mguso nao, ni muda kati ya kidole kugusa na kioo kuitika. Tofauti ya hizi mbili ni vipande vidogo mno vya sekunde. Mimi vinaniokoa, maana kuna mtu ananifyatulia upande wa pili. Shanga zako zinakusubiri, mama, hata ukienda kuzalisha ukarudi. Na feni ni ya wanaocheza masaa, simu isichemke ikajipunguzia kasi. Chai yako itapoa kabla ya simu kupata joto."

Mkunga akagusa tena ile ya kawaida. Safari hii ikateleza bila kukwama. Akamgeukia mjomba, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni kama anavyotazamwa mume aliyechelewa kufika wodini.

"Nipe hii. Na hilo koti lake ubaki nalo."

Alipotoka tu, mjomba akalipuka. "Vua fulana yangu! Undugu tutauongelea nyumbani, hapa dukani huna kazi!"

Risasi akavua fulana ya duka, akaiweka kaunta. Iliuma, tena sana. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa hasira. Ila hakwenda nyumbani. Alizunguka kaunta, akasimama upande wa wateja, mikono kifuani. Mjomba naye, kwa ukaidi wake, akachukua simu nyingine ya kawaida, akaivisha kava, akaichomeka.

Akaingia dereva wa lori. "Jamani, hizi simu za gemu zina maana yoyote?"

"Tena sana!" mjomba akadakia. "Kila mtu anaihitaji!"

"Si kweli," akasema Risasi.

"Wewe si nimekufukuza?"

"Umenifukuza kazi, mjomba. Mdomo hujaufukuza." Akamgeukia dereva. "Kaka, unacheza nini?"

"Vita. Na timu yangu, masaa matatu nikisubiri kushusha mzigo. Simu inachemka, inaanza kukwama, nakufa kizembe."

"Basi wewe inakufaa. Vitufe na feni, vyote. Ila utaisikia ikivuma, na mtandao ukiwa mbovu hata hii haikuokoi."

Dereva akacheka. "Huyu ndiye wa kuniuzia."

Mjomba akaisukuma fulana juu ya kaunta, bila kumtazama mpwa wake. "Vaa."

"Sivai mpaka uchomoe ile chaja."

"Risasi, usinipande kichwani!"

"Sivai."

Dereva akasubiri. Risasi hakuigusa fulana. Mjomba akahema, akajivuta mpaka meza ya majaribio, akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe.

"Na kava," akasema Risasi.