Haragwe Moja Tu

"Haragwe moja tu," alisema Noreen Ouellette. "Hatukuombi shamba zima, dada Hester."

Walikuwa wamesimama nyuma ya chumba cha kufungia mbegu, mahali ambapo akina mama watatu walikuwa wakijaza pakiti na kuzibandika bila kuinua vichwa. Nje theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha. Hester Pelkey alikuwa bado hajavua koti.

Jambo lenyewe lilikuwa kubwa kwake kuliko Noreen alivyojua. Kampuni ya mbegu ya akina Ouellette, familia ya Noreen, ilitaka kubadilisha picha za pakiti zake zote: nyanya, maboga, njegere, karoti, kila kitu. Ni kazi ya miaka miwili. Hester alikuwa mchoraji wa mimea tangu ujanani, na kazi kama hiyo ingembakiza katika nyumba yake yenye dirisha linalotazama kusini. Akiikosa, ataiuza nyumba na kwenda Ohio kwa kaka yake, akalale katika chumba cha chini kando ya mashine ya kufulia. Kaka alikwisha kumwambia, kwa upole, kwamba kitanda kipo.

"Tumewaomba wachoraji watatu," Noreen aliendelea. "Kila mmoja atuchoree haragwe moja bure, tuone mkono wake. Atakayetupendeza tunasaini naye. Wenzako wawili wamekubali."

"Nipe mpaka kesho," alisema Hester.

Mama mmoja kati ya wale wafungaji alimfungulia mlango na kumshika kiwiko hadi alipovuka barafu ya ngazini. Hester aliukumbuka mkono ule njia nzima.

Jioni jirani yake, Dot, alikuja na sufuria ya supu ya samaki, maana alijua siku za mashaka Hester hapiki.

"Shoga, ni haragwe," alisema Dot. "Si sura ya Bikira Maria. Chora, wape, wakupe kazi."

"Umesahau mnanaa wangu?"

Nani angesahau. Kampuni moja ya majani ya chai iliwahi kumwomba Hester picha tatu za majaribio, bure, naye akazichora kwa moyo wote. Wakamshukuru, wakasema wamepata mwingine. Majira yaliyofuata Dot alirudi kutoka dukani na boksi la chai mkononi, na juu ya boksi ulikuwepo mnanaa wa Hester, umegeuzwa upande mmoja na kuongezwa jani. Hapakuwa na karatasi yoyote ya makubaliano, basi hapakuwa na pa kushika.

"Wale walikuwa wezi," Dot alisema baadaye. "Hawa Ouellette nawajua. Mzee Armand alimzika mkewe mwaka jana na bado anamwekea kikombe mezani."

"Sisemi ni wezi. Lakini mimi nachora mmea ulio hai mbele yangu. Haragwe moja ni kupanda, kungoja, kuchora jani, ua, ganda, mpaka likauke. Ni miezi. Wakitaka nichore ndani ya wiki, nitanakili picha ya mtu mwingine, na huo hautakuwa mkono wangu waliotaka kuuona."

"Waambie hivyo basi."

"Nitawaambia."

"Na ukikosa?"

Hester alikuwa anakoroga supu ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Nikikosa, utakuja Ohio kunitembelea."

"Ohio," alisema Dot, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa. Kisha akaosha vyombo vyote, hata vya asubuhi.

Kesho yake Hester alimpigia Noreen simu. Alisema hatachora haragwe la bure, akaeleza kwa nini, bila ukali. "Ila kama mnataka kuujua mkono wangu, njooni kwangu. Nitawaonyesha kazi moja niliyokwisha kuimaliza, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwenye kazi ameniruhusu, na ukitaka kumuuliza mwenyewe nitakupa namba yake."

Walikuja Ijumaa, Noreen na baba yake. Mzee Armand Ouellette alipanda ngazi kwa kupumzika kila baada ya hatua, mkono mmoja kwenye kifua. Hester alimletea kiti chenye mto na kukiweka pale dirishani penye jua, akajifanya amekiweka kwa ajili ya mwanga wa picha.

Akafungua mkoba mkubwa. Ilikuwa kazi ya boga, aliyomchorea mkulima mmoja wa Vermont. Hakuanza na picha iliyokamilika. Alianza na mbegu, michoro yake midogo ya penseli. Kisha mche wenye majani mawili. Kisha ua dume na ua jike, kila moja na majaribio ya rangi pembeni. Palikuwa na karatasi aliyoikosea, ambapo kikonyo cha boga alikichora cha mviringo, akakipiga mstari na kuandika: kina pembe tano, tazama vizuri. Palikuwa na barua fupi ya mkulima akiomba rangi iwe nzito zaidi kwa sababu kwenye uchapaji ingefifia, na karatasi iliyofuata rangi ilikuwa nzito. Mwisho kabisa akaweka picha yenyewe, na pakiti iliyochapishwa kando yake, wazilinganishe.

Noreen alizitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa haki; alirudia ile karatasi iliyokosewa mara mbili.

"Na hii?" aliuliza mzee. Alikuwa ameshika karatasi yenye jani lililonyauka, limeinama kama sikio la mbwa.

"Wiki ile nilikuwa hospitali na mama yangu," alisema Hester. "Niliporudi nikalikuta hivyo. Nikalichora hivyo hivyo kabla ya kulimwagilia."

"Kwa nini? Haliendi kwenye pakiti."

"Haliendi. Lakini lilikuwa la boga lile."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Hakuirudisha karatasi ile mezani mara moja.

Ndipo Hester akasema alichokiandaa. Yuko tayari kufanya kazi ya majaribio, pakiti moja, lakini kwa malipo na kwa mkataba: nusu mwanzoni, nusu akikabidhi. Wasipoipenda, watalipa kazi iliyofanyika, picha itabaki kwake na hawataichapisha. Wakiipenda, haki ya kuichapisha ni yao siku wanapomaliza kulipa, ila michoro ya maandalizi inabaki ya mchoraji.

"Wenzako wametoa bure," alisema Noreen, na sauti yake haikuwa ya kumkomoa. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Tulikuwa na mwaka mbaya. Nikienda kwa ndugu zangu niseme mmoja anataka kulipwa kabla hatujaona haragwe, watanicheka."

"Najua, mama."

"Kazi yako ni nzuri. Sijaona nzuri kama hii."

"Asante."

Mlangoni Noreen aliokota glovu za Hester zilizokuwa zimeanguka chini ya kigingi cha makoti, akazikung'uta vumbi na kuziweka juu ya radiata ya ukutani, ile ya kupasha nyumba, zipate joto. Kisha wakaondoka.

Baada ya siku chache Noreen alipiga simu mwenyewe, wala hakumwachia karani. Wamemchukua kijana wa Portland. Haragwe lake lilikuwa zuri, alilichora kwa siku mbili. "Nilitaka usikie kutoka kwangu," alisema Noreen. Hester alimshukuru. Akakaa na simu mkononi hadi mwanga ulipohama mezani. Halafu akampigia kaka yake Ohio.

Ilikuwa Jumamosi mzee Armand alipokuja, peke yake, kwa teksi. Nyumba ilikuwa inanukia maharage ya kuoka, kama nyumba zote za mtaa ule kila Jumamosi. Alitoa mfukoni kopo la vidonge, akamwaga mezani maharage sita, meupe, kila moja na doa la kahawia kwenye jicho.

"Ya mke wangu, Lucille," alisema. "Aliyaleta kwetu siku ya harusi, ndani ya soksi. Kampuni haijawahi kuyauza. Alikataa. Alisema ya nyumbani ni ya nyumbani." Akavuta pumzi. "Nataka unichoree haragwe hili. Kwa ule mpango wako. Ni mimi ninayesaini, siyo kampuni."

"Mzee, hili halitakuwa tayari kabla ya kiangazi."

"Nimekusikia. Sikuombi uharakishe."

Walisaini juu ya meza ya jikoni. Hester akampakulia maharage, naye akala taratibu, akasema Lucille alikuwa akitia sukari guru zaidi, kisha akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Kila Jumamosi akawa anakuja. Alikaa kwenye kile kiti chenye mto na kutazama chungu. Haragwe lilichomoza likiwa limeinama, likanyooka, likaanza kupanda kijiti. Hester alichora, mzee akasinzia, na mara nyingine aliongea.

"Mnyoofu mno," alimwambia siku moja, akiutazama mche. "Lucille asingemwacha hivyo. Alikuwa akiwachapa kidogo kwa kidole, eti wasijione."

"Basi mchape wewe."

Mzee akalichapa jani kwa kidole, akacheka hadi kikohozi kikamshika. Hester alimletea maji, akamshikia bilauri.

Mwishoni mwa Aprili likatoa ua, jeupe lenye haya ya waridi pembeni. Hester alilichora siku hiyohiyo, maana ua la haragwe halingoji mtu. Mzee aliishikilia karatasi ile hadi teksi ilipopiga honi mara ya pili.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Dot ndiye aliyeleta habari ya msiba, amesimama mlangoni bila sufuria.

Usiku ule na nyingi zilizofuata Hester alilala akijiuliza. Angelichora haragwe la haraka mwezi wa Februari, bure, mzee angeliona zima, ganda na mbegu. Asingekufa ameishia kwenye ua. Aliendelea kumwagilia. Ganda likatoka, likajaa, likakauka na kuwa kama karatasi, naye akachora hadi mwisho, kama walivyoandikiana.

Noreen alikuja Julai kuchukua picha. Ubao wa "Inauzwa" ulikuwa umeshachomekwa kwenye nyasi, na sebuleni palikuwa na maboksi. Alilipa nusu iliyobaki bila kuambiwa. Kisha akasimama mbele ya picha ya haragwe la mama yake, mmea mzima.

"Hivi ndivyo lilivyokuwa uani kwetu," alisema mwishowe. "Limejikunja hapa chini. Nilidhani nimelisahau." Akafuta pua. "Ningejua, dada Hester, ningewaambia ndugu zangu wanicheke tu."

"Ulifanya ulichoweza."

"Mchoro wa ua alionisimulia baba. Naweza kuuona?"

Hester aliutoa kwenye mkoba. Pembeni ya karatasi palikuwa na alama ya mafuta, dole gumba la mzee, kutoka Jumamosi ile ya ua, alipokuwa amekula maharage ya kuoka. Noreen aliitambua, akaigusa, akairudisha karatasi haraka.

"Najua mkataba," alisema. "Michoro ni yako."

"Ni yangu," alisema Hester. Akauzungushia mchoro karatasi laini, akaufunga kwa uzi. "Ndiyo maana naweza kukupa. Chukua, mama."

Noreen alitaka kufungua mkoba wake wa pesa. Hester akamshika mkono, akauzungusha ule uzi wa mchoro kwenye vidole vya mgeni wake, akamsindikiza hadi garini akipita kando ya ubao ule wa kuuza. Kisha akarudi ndani kumalizia boksi la vyombo, kwa kuwa lori la kwenda Ohio lilikuwa linakuja Jumatatu.