Sita ya Baba Mwape

Chama cha mazishi cha mtaa wao, pale Kamalondo, kilikuwa na sanduku moja la bati, na sanduku lilikuwa na kufuli ya namba. Ndani hamkuwa na kitu cha kumtia mwizi tamaa: kitambaa cheusi cha kufunika jeneza, chenye msalaba mweupe uliodariziwa na mama Julienne kwa mkono wake, vinara viwili vya shaba, na daftari la majina ya marehemu, linalosomwa kaburini. Lakini mwanachama akizikwa bila kitambaa kile, watu husema amezikwa kama mgeni aliyeokotwa njiani.

Zamani sanduku lilifungwa kwa ufunguo. Ufunguo ukakaa mfukoni mwa mtu mmoja, na baada ya muda chama chote kikawa cha mtu huyo. Wakamwondoa, wakanunua dukani kwa Mreno kufuli ya pete nne, kila pete na namba zake kuanzia sifuri hadi tisa, wakagawana namba. Laurent, prezida wa chama, alishika ya kwanza. Godefroid, mume wa Julienne, ya pili. Baba Mwape ya tatu. Ya nne na ya mwisho ilikuwa ya Clément, fundi wa mabati katika karakana ya reli. Kufungua kulikuwa na taratibu zake: mmoja anazungusha pete yake, wengine wanampa mgongo, kisha anampisha anayefuata. Kugusa pete ya mwenzio ilikuwa aibu, sawa na kuchungulia chungu cha jirani.

Kwa sababu Clément alikuwa fundi, kufuli iliachwa mikononi mwake. Mwezi wa nane, vumbi jekundu lilipoingia kila mahali hadi kwenye ugali, pete zikaanza kukwaruza. Laurent akamwambia aitazame. Fundi wa kweli angeomba pale kazini tone la mafuta ya mashine. Clément alikuwa mvivu siku ile, tuseme ukweli, na kesho yake ilikuwa sikukuu. Akaingia jikoni kwa mkewe, Wivine, akachovya kijiti katika mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, akainamisha kufuli, akadondoshea. Pete zikateleza kama zimeoga. Alisifiwa, na sifa akazipokea zote.

Sanduku halikufunguliwa tena hadi mwezi wa pili mwaka uliofuata, mama Julienne alipofariki. Alikuwa mgonjwa siku nne tu.

Jumamosi mchana, jeneza likiwa uani na wanawake wanalia, wazee wanne wakaingia chumbani kwa Laurent kufungua sanduku. Laurent akazungusha. Godefroid akazungusha, machozi yakimdondokea mikononi. Baba Mwape akasogeza uso karibu, akazungusha taratibu, akasema, "Tayari." Clément akaja wa mwisho. Pete yake ilikuwa nzito, imekamata. Akaibana kwa vidole vyake vya kukunja mabati, akailazimisha mpaka namba yake ikafika mstarini, kwenye alama ya kufungulia. Laurent akavuta upinde wa chuma wa kufuli. Haukutoka.

Wakarudia, kisha wakarudia tena, na hali ikawa ileile. Nje padri alikuwa anauliza saa.

"Muko munatuchezea?" Godefroid akafoka. "Bibi yangu iko pale inje! Nani alisahau numero yake?"

"Miye hapana," akasema Laurent.

Baba Mwape ndiye aliyevunja siri, kwa sababu alikuwa mtu asiye na la kuficha. "Miye natia sita. Toka mwaka ya kwanza natia paka sita, sita tu."

Wote wakainama juu ya kufuli. Pete ya tatu ilionyesha saba.

"Unasema sita, kadena inasema saba!" Godefroid akapiga kelele.

Mzee akaishika kufuli. Mbele ya macho yao akairudisha pete yake kwenye sita. Clément akaomba wampe mgongo, akaweka tena ya kwake, iliyokuwa imetoka mstarini, kwa nguvu ileile. Laurent akavuta. Haukutoka. Safari hii hakuna aliyeangalia tena namba. Kila mmoja alimwangalia mzee.

Hapo ndipo Clément alipoikumbuka ile pete nzito, na mafuta ya Wivine yakampitia kichwani. Wazo halikukaa. Fundi wa reli, achekwe kwa kupaka kufuli mafuta ya mboga? Akafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki: "Tumusamehe tu. Muzee amechoka. Macho na kichwa, byote bimechoka."

Julienne akazikwa bila kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Daftari halikusomwa. Kaburini Godefroid alimgeuzia mgongo baba Mwape, na mbele ya kaburi lililo wazi jambo hilo halina tafsiri mbili. Jumapili baada ya misa chama kikakutana, kikamvua mzee namba yake. Hakubisha. Alisema tu, "Nilitia sita," akavaa kofia.

Huyu Mwape ndiye aliyemshika Clément siku ya ubatizo. Ndiye aliyemwingiza karakana, akamfundisha kupiga ribiti bila kujiponda vidole. Clément alimwita baba, na hakumwita hivyo kwa adabu tu.

Jumatano, chama kikaona sanduku haliwezi kubaki limefungwa milele. Laurent, Godefroid na Clément wakalibeba hadi kwa Stanislas Numbi, fundi wa baiskeli karibu na soko, anayetengeneza pia kufuli na taa za karabai. Walitaka aikate. Stanislas akawatazama kama wamemwomba amchinje mbuzi mwenye mimba.

"Ya kukata ni ya nini? Mungojee kwanza."

Akaishika kufuli ikiwa bado kwenye sanduku, akazungusha pete ya nne polepole, kwa ncha za vidole viwili. Ya tatu ikafuata. Haikufuata sana: ilisogea namba moja, ikasimama.

"Munaona? Hii inavuta mwenzake. Zimegandana."

Clément aliona. Akakaa juu ya gurudumu la baiskeli.

Stanislas akachovya unyoya wa kuku katika mafuta ya taa, akaupitisha kati ya pete na pete, akazungusha kila moja huku na huku, akachovya tena. Ukatoka uchafu mzito wa rangi ya kahawia, unaovutika. Akaufuta kwa kitambaa, akaunusa, akakunja uso.

"Mafuta ya ngazi! Inakauka, inakamata vumbi, inakuwa gundi. Na aliyetia aliinamisha kadena upande huu, njo maana hizi mbili za mwisho tu zimekamatana. Ni nani alifanya hii?"

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Alikuwa amekwisha kunyamaza mara moja na akaweza.

"Ni miye," akasema Clément.

Stanislas hakujua kisa, kwa hiyo akacheka. "Ee, fundi muzima! Kadena haikulaka mboga kama muntu." Laurent na Godefroid hawakucheka. Stanislas aliendelea na mafuta ya taa mpaka matone yakatoka safi, akaiacha ikauke juani, kisha akakwangua risasi ya penseli kwa kisu, akaupuliza unga ule mweusi kati ya pete. "Hii haigandi," akasema. Sasa kila pete ilizunguka peke yake, ikilia tik, tik, na jirani yake haitikisiki.

Laurent akaweka namba yake. Godefroid akaweka yake. Pete ya tatu haikuwa na mwenyewe. Walitazamana, mwishowe Godefroid akaiweka kwenye sita. Clément akaweka ya nne. Upinde ukatoka wenyewe, karibu bila kuvutwa.

Godefroid akainua kitambaa, akaufunika uso wake kwa ule msalaba wa mkewe. "Nilimupa mugongo," akasema ndani ya kitambaa. "Kwa kaburi ya Julienne, nilimupa mugongo."

Clément hakungoja zaidi. Asubuhi ile ile Wivine alikuwa amemwambia kwamba baba Mwape anahama mji, amepata nafasi kwenye lori la Mgiriki, lile linaloleta samaki kutoka Kasenga na kurudi na mizigo, na leo ndiyo safari. Alikimbia mtu mzima yule, viatu vya kazi miguuni, watu wakimpisha. Lori lilikuwa bado sokoni. Baba Mwape alikuwa ameketi juu ya magunia ya chumvi, godoro lake limefungwa kwa kamba, kofia magotini.

"Baba, telemuka. Kadena imefunguka na sita yako. Ni mafuta yangu njo iliharibu. Ni mukono yangu ilivuta numero yako." Alisema yote, hata lile alilolikumbuka siku ya mazishi akalimeza. Hilo ndilo lilikuwa gumu kutoka.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kwa kitambo alionekana mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe nilitia sita," akasema. "Mutoto yangu, siku nne hizi miye mwenyewe nilianza kuamini kama kichwa imekwisha. Usiku nilikuwa nahesabu majina ya wadogo zangu, nione kama ninakumbuka."

"Unisamehe, baba."

"Nimekusamehe. We ni mutoto yangu, nitafanya je?"

"Basi telemuka. Bote banakungoja."

Baba Mwape akatikisa kichwa. Nyumba ya kazi alikuwa ameirudisha, kuku amewagawa, na dada yake aliye Kasenga ameambiwa. "Na tena, Clément, kule kwa kaburi bantu bote baliona. Utabakusanya bote, umoja umoja, ubaambie? Mi nimezeeka. Sina nguvu ya kungoja."

Clément akasema atawaambia wote, mmoja mmoja. Dereva akapiga honi. Clément akalishika lori ubavuni, akatembea nalo hatua kadhaa kama anayesindikiza jeneza, mpaka likamzidi mwendo.

Aliporudi, Stanislas alikuwa anaingoja kazi ya mwisho. Namba zote nne zilikuwa lazima zibadilishwe, maana mzee aliitamka yake mbele ya watu, na nyingine zilionekana walipoinama wote juu ya kufuli. Laurent aliyasema hayo kwa upole. Clément akasihi sita ibaki. Laurent akajibu, "Siri yenye bantu bote banajua haiko siri tena, ndugu." Ilikuwa kweli, na namba ya tatu, wakaamua, aishike Clément pamoja na ya nne, mpaka apatikane mwingine.

Stanislas akamwonyesha: kufuli ikiwa wazi, upinde unazungushwa robo ya duara, unakandamizwa ndani na kushikiliwa. Hapo pete zinaachana na magurudumu yaliyo ndani, nawe unachagua unachotaka. Hakikisha tu kila namba imesimama sawasawa mstarini kabla hujaachia. Laurent akachagua yake, Godefroid yake, wenzao wakiangalia ukutani.

Ikaja zamu ya Clément. Migongo ikageuka. Akaukandamiza upinde kwa dole gumba la kushoto. Sita ilikuwa imesimama mstarini, palepale mzee alipokuwa akiiweka kwa miaka yote ile. Pete ya tatu ilikuwa nyepesi mno, haikudai nguvu yoyote. Akaisogeza. Ilikuwa mara ya pili kwa mkono wake kuiondoa sita ya baba Mwape mahali pake, na safari hii alikuwa anaitazama.