Kibuyu cha Bibi Ghati

Jioni ya nne mfululizo, Skolastika alikuwa amechoshwa na mwito wa mtoto kitandani, "Mama, maji." Alfajiri shamba la pamba la kijiji cha ujamaa lilimngoja. Kila alipomnywesha Nyamhanga, mwanawe wa miaka miwili, na kumwambia, "Umeshakunywa, sasa lala," mama mkwe wake, Ghati, aliinuka na kibuyu kumnywesha tena. Kwa kina Ghati mtoto hanyimwi maji.

Leo alimkabidhi Ghati kibuyu hichohicho. "Mama, mnywesheni nyinyi. Mara moja tu."

Nyamhanga akanywa, akalazwa, akaita. Skolastika akauma meno.

"Umeshakunywa, mjukuu wangu," Ghati akajibu taratibu. "Sasa lala."

Mtoto aliita mara tano, akajibiwa hayohayo, akasinzia.

"Mwanao ulimdekeza," Ghati akanong'ona. "Ungekuwa unamwambiaga hivi tangu mwanzo."