Unywele kwa Unywele

Bibi mshonaji aliketi kando yangu pale studio, mkoba mapajani, akikitazama kioo cha kompyuta kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Picha ilikuwa moja tu: dada yake juu ya paa la nyumba yao, upepo umemtimua nywele. Dada alizikwa mwezi uliopita. Nyingine hazikuwapo, maisha yake yote marehemu alikuwa akikimbia kamera.

"Zitulize tu," bibi alisema. "Angejiona hivi angenichapa."

Mtaa mzima hakuna fundi wa picha mwenye mkono mwepesi kama wangu, na sioni haya kulisema. Nikazizungushia nywele alama kwenye kompyuta, nikazitia ukungu zilainike. Dakika mbili, kazi kwisha. Nikaegemea kiti nikingoja sifa.

Bibi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu nani?"

"Si dada yako, bibi?"

"Dada yangu alikuwa na nywele. Huyu umemvisha pamba."

Damu ilinichemka. Nikaikuza picha nimwonyeshe kwamba hajui kitu, na nikaona mwenyewe: ukungu ulikuwa umemeza ukingo wa paji la uso, sikio limeyeyuka. Nikafuta kila kitu.

Nikaanza upya. Vinywele vilivyopeperukia angani nilivifunika kwa anga safi niliyoinakili kutoka pembeni. Kisha nikafungua tabaka tupu juu ya picha, kama karatasi angavu ya kuchorea, nikachota rangi kwenye nywele zenyewe, nikachagua brashi nyembamba kama uzi. Nilikandamiza kalamu ya kompyuta kwenye shina, nikalegeza mkono kuelekea ncha, unywele ukamalizikia kwa wembamba. Mmoja mweusi, mwingine wa kahawia, mwingine umepigwa na jua.

"Sivyo," bibi akasema. "Hapo utosini zinazunguka kwenda kushoto. Kitana hukwama hapo."

"Umejuaje?"

"Miaka arobaini nimemchana kila asubuhi, naye akinichana mimi. Unadhani leo nimejifunga kitambaa kwa urembo?"

Nikachora palipoelekea kidole chake, unywele kwa unywele. Vinywele vitatu nilivichora vikipepea, kichwa kisije kikafanana na kofia. Polepole yule dada akarudi usoni pake.

Nikapeleka mkono nichapishe.

"Bado," bibi akasema. "Huo unywele wa nyuma ya sikio."

Niliutazama. Haukuwa na kasoro.

"Na ule wa pembeni."

Nao ulikuwa sawa. Mlangoni wateja wawili walikuwa wakiguna. Nikamtazama bibi, alikuwa ameukumbatia mkoba, hana haraka ya kwenda popote.

Nikaweka ncha ya brashi juu ya unywele uliokwisha kamilika, bila kukandamiza.

"Huu nao, bibi, ulikuwa unalalia wapi?"

Akasogeza kiti karibu, akaanza kunieleza.