Picha Iliyokataa Kutoka

Kila Alhamisi duka letu la mikate hapa Iloilo huweka mtandaoni picha ya zamani, na mimi, Rosvida, ndiye ninayezipanga mwezi mzima mapema. Kila picha nimeiandikia bei inayoonekana, mikate iliyopo na majina ya watu. Asubuhi ya picha kutoka, programu ya kompyuta hulinganisha hayo na orodha zetu: bei zilizobadilika, mikate tuliyoacha kuoka, wafanyakazi walioondoka. Ikikuta kimoja tu, picha haitoki. Utaratibu huo niliubuni mwenyewe, baada ya wateja kutujia juu wakidai bei ya miaka minane nyuma.

Alhamisi hii picha ilizuiwa. Haikuwa na bei, mkate ulioonekana humo bado tunauoka, na watu walikuwa wawili tu: mimi na Delfin, mwokaji.

"Delfin, umeacha kazi kimyakimya?"

"Niende wapi, dada? Tumbo hili nani atalilisha?"

Nikaitukana programu, kisha nikafungua orodha ya walioondoka, ambayo huandikwa na Bi Purita, mwenye duka, peke yake. Jina la mwisho liliingizwa jana jioni. Lilikuwa langu, na tarehe ya kuondoka ni Jumamosi ijayo. Programu haisubiri tarehe. Ikiona jina, inazuia.

Bi Purita akapita na kikombe chake cha kahawa.

"Rosvida, mbona picha ya leo haijatoka?"

"Kuna mfanyakazi ameondoka, Bi Purita," nikamjibu. "Ila yeye mwenyewe hajaambiwa."