Jozi Tatu za Vyumba

Barua ya Bomani ilisema kiwanja cha baba, kilichokuwa karibu na soko la Bukoba, kisipokuwa na nyumba ya kudumu hadi mwisho wa mwaka 1953, kitarudi Serikalini. Tulibakiwa na miezi kumi na minane. Kiwanjani palikuwa na magugu na mbuzi wa jirani.

Baba yangu, Mzee Saburi, ambaye sisi tulimwita Tata, hakuwa na saruji wala mabati. Alikuwa na hati tu.

"Shamsia, andika," aliniambia asubuhi moja nyumbani Rwamishenye.

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mwandiko wangu ulisomeka. Nikamwandikia Umedbhai, kontrakta wa mjini. Sisi tungetoa kiwanja, tukisafishe, tuendelee kulipa kodi ya ardhi na kuomba kibali, maana mapatano ya ardhi kati ya Mwafrika na Mhindi hayakuwa na nguvu bila kibali cha Serikali. Yeye angechora ramani na kuipitisha, alete mafundi na vifaa, na kumaliza vyumba sita vya duka katika mwaka mmoja tangu kibali kitoke. Vyumba viwili vingekuwa vyetu. Vinne angevitumia au kuvipangisha kwa miaka ishirini, kisha navyo virudi kwetu. Ardhi ibaki kwa jina la Tata.

Umedbhai alikuja mwenyewe, ramani na karatasi ya mapatano kwapani. Tata akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Mgeni akachukua mbili, akatafuna taratibu. Nilimwona Tata akilegeza mabega. Kwake yeye, mtu aliyetafuna kahawa yako amekwisha kukubaliana nawe.

"Lete wino," akasema.

Nilikuwa nimekandamiza pembe za ramani kwa vikombe. Nikaitazama. Vyumba vinne vilielekea barabara ya sokoni, na juu yavyo Umedbhai alikuwa ameandika U. Viwili vilikuwa nyuma, milango ikitazama mfereji. Hivyo viliandikwa S.

Nikakumbuka barua yangu. Nilikuwa nimeandika "vyumba viwili", sikutaja ni vya upande upi. Mbele ya wageni sikuwa na kawaida ya kusema, ila kidole cha Tata kilishalowa wino.

"Tata, subiri. Milango yetu inatazama mfereji."

Kidole kikabaki hewani.

"Barua inasema viwili," akasema Umedbhai. "Hivi si viwili, mama?"

"Ni viwili," nikajibu.

"Na nani atakuja kununua chumvi mferejini?" Tata akauliza. "Vyura?"

Umedbhai akacheka kidogo. Tata hakucheka. "Umetafuna kahawa yangu, Bwana Umedbhai."

"Nimetafuna, mzee, na ilikuwa nzuri. Lakini saruji nanunua mimi. Mwenye vinne akae mbele." Akaanza kukunja ramani. "Kama hupendi, tafuta kontrakta mwingine. Mwaka hausimami."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonitisha. Akitoka mlangoni, kiwanja kingeondoka naye. Nikasema haraka, nikitazama vikombe:

"Nyumbani kwetu anayekata samaki huchukua kipande cha mwisho. Mama alituwekea sheria hiyo. Basi chora wewe. Gawa vyumba jozi tatu, upendavyo. Sisi tuchague jozi moja kwanza. Mbili zitakazobaki ni zako. Namba za vyumba vyetu ziandikwe kwenye mapatano."

Umedbhai akakunjua tena ramani.

"Mama yako alikuwa na watoto wangapi?"

"Saba. Watano wa kiume."

"Pole yake." Akatoa penseli sikioni. Akafuta vyumba vya nyuma, akavipanga vyote sita mstari mmoja barabarani, kila kimoja na stoo yake nyuma, akavitia namba jozi kwa jozi. "Vitakuwa vyembamba."

"Kwa wote," akasema Tata.

"Kwa wote, waitu," Umedbhai akajibu kwa neno letu la heshima, na hapo ndipo Tata alipocheka.

Tukachagua namba moja na mbili, upande wa sokoni. Umedbhai akaguna, maana hata yeye alizitaka, lakini akaandika. Tata akabonyeza kidole. Mujuni, mwalimu wa madrasa jirani yetu, akatia sahihi kama shahidi. Nami nikapeleka ombi la kibali Bomani kwa miguu yangu, baada ya kulisoma mara mbili nisije nikasahau tena neno.

Kibali kilitoka mwezi wa tatu tangu siku ile. Ikabaki miezi kumi na mitano, na kazi ni ya mwaka. Tukafukuza mbuzi, tukang'oa magugu. Jumatatu iliyofuata mafundi wakapigilia vigingi na kuvuta kamba.

Tata aliniita katikati ya kamba za chumba namba moja. Sokoni wanawake waliotoka kijiji cha Rubafu walikuwa wakishusha mikungu ya ndizi, mmoja akatupigia kelele, "Mtauza nini hapo?"

Tata akanitazama, akingoja nijibu mimi.

"Chumvi," nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia.